Fus-ha au Kishami? Uchambuzi wa kisa cha muuguzi aliyekuwa na wiki 24 za kujiandaa

Kisa hiki ni cha mwanafunzi wangu mmoja, nami ndiye niliyemfundisha. Jina, umri, mwaka na kliniki aliyofanyia kazi vimeondolewa. Yaliyobaki ni yale yanayomfaa mwalimu au mwanafunzi anayekabiliwa na uamuzi uleule: aanze na Kiarabu sanifu, yaani fus-ha, au aende moja kwa moja kwenye lahaja ya mahali anakokwenda, ambayo hapa ni Kishami, Kiarabu cha Sham, yaani Syria, Lebanoni, Yordani na Palestina?

Usuli

Mwanafunzi alikuwa muuguzi wa watoto mwenye uzoefu mkubwa, na lugha yake ya kwanza ni Kiswahili. Alikuwa amepata mkataba wa mwaka mmoja katika kliniki iliyoko Amman, Yordani, inayohudumia Wayordani pamoja na wakimbizi wa Syria. Chumba cha daktari kilikuwa na mkalimani. Chumba chake yeye, pale mlangoni ambapo mtoto hupimwa uzito na joto kisha huamuliwa aingie mara moja au asubiri, hakikuwa na mkalimani wa kudumu. Angeweza kumwita inapobidi, lakini kila akimwita, foleni nzima ilisimama.

Kwa hiyo lengo lake lilikuwa jembamba na wazi. Alitaka kumuuliza mama mtoto ana nini, tangu lini, kama ana homa, kama anatapika, kama ananyonya au anakunywa, kisha aelewe anachojibiwa.

Muda tuliokuwa nao ni wiki 24, saa 10 kwa wiki, jumla saa 240. Ili msomaji apime udogo wa kiasi hicho, taasisi ya Marekani inayowafundisha lugha wanadiplomasia wake hukadiria wiki 88, saa 2,200 za darasani, kumfikisha mzungumzaji wa Kiingereza kwenye Kiarabu cha kazi. Sisi tulikuwa na takriban sehemu moja ya kumi ya muda huo. Hapo hapana nafasi ya kujifunza kila kitu, na kila saa inayokwenda huku inatolewa kule.

Alikuja na akiba yake. Tangu utotoni alisoma Kurani kwa hukumu za tajwidi, kwa hiyo herufi alizijua, na 'ayn, ha nzito na qaf alizitoa vizuri kuliko wanafunzi wangu wengi. Maana ya alichokisoma hakuijua, isipokuwa maneno ambayo Kiswahili kimeyarithi.

Uamuzi wa kwanza: fus-ha

Nilimwanzisha na fus-ha, na sababu zangu hazikuwa za kizembe. Vitabu vingi vya kufundishia ni vya fus-ha. Sarufi yake imeandikwa na kupangwa, na mwanafunzi anayejua herufi huanza kusoma siku ya kwanza. Tena fus-ha haina nchi, kwa hiyo mkataba ukihamishiwa kwingine, alichojifunza hakipotei. Zaidi ya hayo niliamini kwamba fus-ha ni shina na lahaja ni matawi, na mwenye shina atayafikia matawi akishafika.

Wiki ya kwanza aliniuliza, "Mwalimu, hicho ndicho wanachozungumza akina mama pale kliniki?" Nikamjibu kwamba hapana, lakini watamwelewa. Jibu lile lilikuwa kweli. Kosa ni kwamba nililichukulia kuwa linatosha, na kwa wiki 8 tukaendelea hivyo.

Hali hii ya jamii moja kuwa na lugha mbili za ndugu, moja ya kuandikia, hotuba na habari, nyingine ya nyumbani na barabarani, ina jina katika isimu. Charles Ferguson aliieleza mwaka 1959 katika makala yenye jina "Diglossia", na Kiarabu kilikuwa mmoja wa mifano yake minne. Niliisoma zamani na kuifundisha. Kumpangia ratiba mwanafunzi mwenye saa 240 ni jambo jingine, na hapo niliisahau.

Dakika kumi za wiki ya 8

Baada ya saa 80 nilimwomba mama mmoja Msyria, aliyekubali kutusaidia, ajifanye ameleta mtoto kliniki. Walizungumza kwa simu Jumapili jioni, nami nikisikiliza. Nilimwomba mama yule azungumze kama anavyozungumza na jirani yake, asijirekebishe.

Mwanafunzi aliuliza kwa fus-ha safi tangu lini mtoto anaharisha: "Mundhu mata?" Mama akaelewa mara moja na kujibu: "Sarlo jum'a."

Mwanafunzi akaandika: tangu Ijumaa.

Ilikuwa Jumapili, kwa hiyo kwake yeye mtoto alikuwa ameharisha siku mbili. Mama alikuwa amesema mtoto ana wiki nzima. Katika lahaja ya Sham, jum'a ni siku ya Ijumaa na pia ni wiki, na "sarlo" maana yake imekuwa kwake muda fulani. Kwenye fus-ha wiki ni "usbu'", ndilo neno nililomfundisha, na ndilo alilokuwa akilisubiri sikioni. Muuguzi wa watoto hahitaji kuelezwa tofauti kati ya mtoto aliyeharisha siku mbili na aliyeharisha siku saba.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba Kiswahili kilikuwa kinamwonyesha njia. Sisi wenyewe tunasema "juma zima" tukimaanisha wiki, na siku yenyewe tunaiita Ijumaa. Angekisikiliza Kishami kwa sikio la Kiswahili, angalau angeuliza tena. Mimi nilikuwa nimemfunga sikio kwa fus-ha.

Mama akaendelea: "Wmbarih sar yrajji' kull il-halib." Mwanafunzi alishika neno moja, "halib", maziwa, na kitenzi kilichofanana na "raja'a", kurudi, ambacho ndicho kilichozaa "rejea" na "rejesha" zetu. Akahitimisha kwamba kuna mtu karudisha maziwa, labda makopo ya maziwa ya unga yaliyotolewa kliniki. Mama alikuwa amesema kwamba tangu jana mtoto anatapika maziwa yote. Kutapika katika lahaja ile ni "kurejesha". Neno alilofundishwa kwa fus-ha ni "taqayya'a", na mama hakulitamka hata mara moja.

Simu ilipokatika alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nimeeleweka kila neno. Yeye sikumwelewa hata sentensi moja." Sentensi hiyo niliiandika kwenye daftari, na ndiyo iliyobadilisha mpango wote.

Uamuzi wa pili: lahaja, lakini ipi?

Nilikuwa nimechagua aina ya Kiarabu kwa kuangalia ulimi, yaani kile atakachosema yeye. Kwa kazi yake, swali lilipaswa kuwa la sikio. Anayeuliza ana uhuru wa kuchagua maneno. Anayejibiwa hana, maana anapokea yale yaliyomo kinywani mwa mwenzake. Mama mwenye mtoto anayechemka mwili hatatafuta kitenzi cha darasani ili kumsaidia muuguzi mgeni, na asiyesoma shule kwa muda mrefu huenda asikipate hata akikitafuta.

Wenzangu wawili walinishauri Kimisri, kwa hoja kwamba filamu na tamthilia zimekifanya kieleweke karibu kote kwa Waarabu. Hoja ni sahihi, lakini ina tatizo lilelile: Kimisri kingemsaidia kueleweka. Hakuna mama wa Amman atakayemjibu kwa Kimisri. "Sasa" Misri ni "dilwa'ti", Dameski ni "halla'", na kwa Wayordani wengi ni "hassa". Sikio lililozoea la kwanza halipati faida yoyote linaposikia la tatu.

Tukachagua Kishami cha mjini, na saa 160 zilizobaki nikazigawa hivi: 130 kwa lahaja, 30 kwa kusoma fus-ha, hasa maandishi ya kuchapwa kama vibandiko vya dawa, kadi za miadi na mabango.

Namna ya kufundisha nayo ilibadilika. Badala ya orodha ya maswali ya kukariri, tulikusanya majibu. Maswali yake ya kazi yalikuwa kumi na mawili tu, nayo tukayajifunza kwa wiki moja. Kisha kwa kila swali mwalimu msaidizi, mwanamke wa Dameski, alirekodi majibu kumi tofauti kwa mwendo wa kawaida wa mazungumzo. Kwa swali la "tangu lini" pekee alipata "min mbarih" (tangu jana), "min awwal mbarih" (tangu juzi), "ilo yomein" (ana siku mbili), "sarlo jum'a", na mengine ya mzunguko kama vile tangu tulipotoka kwa bibi yake. Kazi ya mwanafunzi ilikuwa kusikiliza na kuandika kwa Kiswahili siku ngapi, basi.

Jambo lililochukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia ni kiambishi kidogo cha "b" mbele ya kitenzi. Kwa fus-ha "anakunywa" ni "yashrabu", kwa Kishami ni "byishrab". Mwanafunzi aliyezoea vitenzi kuanza na "ya" alisikia b na kudhani ni neno jipya. Jibu la kawaida kabisa, "ma byishrab ishi", hanywi chochote, lilimpita kwa wiki tatu, ingawa mzizi wake, sh-r-b, aliujua na hata Kiswahili kinao katika "sharubati". Alipolizoea lile b, vitenzi vingi alivyovijua vilijitokeza kwa mkupuo. Hapo ndipo zile wiki 8 za fus-ha zilipoanza kulipa.

Kazini

Wiki ya tatu Amman alihesabu siku moja: wagonjwa 14, mkalimani ameitwa mara 9. Mwezi wa nne alihesabu tena: wagonjwa 15, mkalimani mara 3. Hizo ni siku mbili tu katika mwaka mzima, nami sizipi uzito zaidi ya huo, ila aliniambia kwamba zilifanana na siku nyingine za majira yake.

Tangu mwanzo tulikuwa tumekubaliana mpaka ambao hakuuvuka: kipimo cha dawa, maelezo ya ugonjwa na kila kitu kinachohitaji ridhaa ya mzazi vilipitia kwa mkalimani, hata alipojiona ameelewa. Pia kila alichosikia kuhusu muda alikirudia kwa vidole mbele ya mama. Vidole saba na neno "yom" havina lahaja.

Mambo mawili yalikwenda vibaya, na yote mawili yalitokana na maamuzi yangu.

La kwanza ni sauti. Tulimfundisha kwa sauti ya mwanamke mmoja wa Dameski, ambaye qaf yake, kama ya watu wengi wa miji ya Sham, hugeuka kuwa mkato wa pumzi tu: moyo, "qalb", kwake ni "'alb". Mwanafunzi alifika amezoea hivyo. Lakini Wasyria wengi walioko Yordani wametoka Dar'a na nyanda za Hawran, kusini mwa Syria, na huko moyo ni "galb". Wanaume wengi wa Amman nao husema g. Zaidi ya hapo, watu wa Hawran hugeuza k kuwa ch katika maneno mengi. Siku yake ya pili kazini mama alimwambia kwamba mgonjwa ni "ibni li-chbir". Hakuelewa, akaita mkalimani. Kumbe ni "li-kbir", mkubwa: mwanangu mkubwa. Neno hilo alilijua tangu wiki ya kwanza ya fus-ha.

La pili ni maandishi. Nilidhani kusoma hakutamsumbua, kwa sababu udaktari Yordani hufundishwa kwa Kiingereza na majalada mengi ya kliniki huandikwa kwa Kiingereza. Nilisahau upande wa pili wa mpaka. Syria hufundisha udaktari kwa Kiarabu, na familia zilikuja zimehifadhi karatasi za zamani: chanjo, upasuaji, vipimo. Zilikuwa kwa Kiarabu, na nyingi kwa mwandiko wa mkono.

Mwandiko wa kawaida wa mkono kule ni ruq'a. Ndani yake nukta mbili huwa kistari kifupi, nukta tatu huwa kama kofia ndogo, na meno ya herufi sin hunyooshwa yakawa mstari. Muuguzi huyu, aliyesoma msahafu tangu utotoni bila kusita, alishika karatasi ya mtoto mwenye kovu tumboni na hakuweza kusoma hata neno la kwanza. Msahafu umeandikwa kwa naskh, herufi zimetengana vizuri na irabu zote zimewekwa. Karatasi ya daktari haina irabu hata moja.

Uchambuzi

Uamuzi wa kuhamia lahaja ulikuwa sahihi, na ulipaswa kufanywa wiki ya kwanza. Taarifa niliyohitaji ilikuwepo tangu siku aliyonieleza kazi yake: ni kazi ya kusikiliza watu wa mahali pamoja wanaojulikana. Dakika kumi za simu za wiki ya 8 zingewezekana wiki ya kwanza, kwa rekodi tu, bila mwanafunzi kusema neno.

Hata hivyo siwezi kusema wiki zile 8 zilipotea. Mizizi ya maneno, mpangilio wa kike na kiume, na msamiati wa pamoja kama "dam", "ras" na "batn" vilihamia kwenye lahaja bila gharama kubwa. Mahali pengine lahaja ilimrahisishia: dawa kwa fus-ha ni "dawa'", yenye mkato mwishoni, na Kishami kimeudondosha, kikabaki na "dawa" kama ya Kiswahili. Kilichokosewa ni mpangilio wa muda. Laiti ningeanza na lahaja wiki 12 na kuingiza fus-ha ya kusoma baadaye, angepata nafuu ileile ya msamiati, na sikio lake lingekuwa na saa 80 zaidi za mazoezi.

Hoja ya shina na matawi nimeipunguzia nguvu tangu kisa hiki. Ina ukweli kwa mtu mwenye miaka. Mwenye miezi hufika na shina mkononi, na matawi yanazungumza juu ya kichwa chake.

Kosa la sauti moja lina funzo pana kuliko nilivyolitazama mwanzoni. Nilipoandika "Kishami cha mjini" kwenye mpango niliona nimechagua lahaja. Ukweli ni kwamba nilichagua mtu mmoja. Lahaja ya wagonjwa haikuamuliwa na jina la mji wa kliniki, iliamuliwa na mahali walikotoka wagonjwa wenyewe, na hilo ningelijua kwa kumuuliza mwajiri swali moja. Saa 10 tu za sauti za Hawran, katika zile 130, zingemzoesha g na ch. Hahitaji kuzitamka, anahitaji zisimshtue.

Kuhusu mwandiko, tiba yake ilikuwa ndogo. Alipopiga simu kulalamika, tulitumia jioni sita kujifunza ruq'a peke yake, kwa kuiandika. Mkono uliojifunza kuandika kistari badala ya nukta mbili hukitambua upesi unapokiona. Karatasi za madaktari hakuzimudu zote, maana hata Mwarabu mwenyewe huinamia baadhi yake, lakini tarehe, majina ya chanjo na neno "amaliyya", upasuaji, alianza kuyaona.

Uamuzi huu usihamishwe kwa kila mtu. Anayetaka kusoma mikataba, magazeti au maandiko ya dini, au kufuatilia taarifa za habari, anahitaji fus-ha, na lahaja itamchelewesha. Asiyejua bado atapelekwa Amman, Khartoum au Casablanca aanze na fus-ha pia, kwa sababu lahaja ya Moroko haitamfaa Yordani, na hakuna lahaja ya kati ya kukimbilia. Mwenye kazi ya mdomo, mahali panapojulikana, na muda chini ya mwaka, ndiye ninayemzungumzia.

Sasa mwanafunzi mpya akinijia na lengo la namna hii, kabla ya kumpa kitabu namwomba aniletee dakika tano za sauti za watu atakaowahudumia. Akishindwa kuzipata, tunazitafuta pamoja, na somo la kwanza linaanzia hapo.

Muuguzi mwenyewe aliongeza mkataba. Mwezi wa kumi na moja aliniandikia kwamba sasa anataka fus-ha, kwa utaratibu, kwa sababu ya zile karatasi. Tulianza na ripoti ya upasuaji ya kurasa mbili aliyoinakili baada ya kufuta jina. Sentensi iliyosema mgonjwa alikuwa akitapika kwa siku tatu ilikuwa na kitenzi "taqayya'a". Alikisoma, akasimama, kisha akasema kwa Kishami, "Ya'ni kan yrajji'." Yaani alikuwa anarejesha.